Zuio la mahindi la 2021: Kenya ilitukomoa au ililinda walaji?

Mwanachuo_Dom: Wakuu, kesho nawasilisha slaidi mbili za nadharia za uhusiano wa kimataifa, uhalisia na uliberali, zote kwa kisa kimoja: Kenya kuzuia mahindi yetu ya Tanzania na ya Uganda, Machi 2021. Ipi inaeleza vizuri zaidi?

Gunia_Mia: Uhalisia, kwisha kazi. Jirani akikuona unanyanyuka anakukata miguu. Fuso langu lililala Namanga siku nne, turubai likitoa jasho, na yule wakala wa forodha hakupokea simu tena. Leo mtu ananiambia ushirikiano!

Njoro_Boy: Kukata miguu gani? Mahindi yalizuiwa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, na iliua watu zaidi ya 100 huku Ukambani 2004. Tule tu ili mfurahi?

Mpakani: Kijana, soma tarehe. Barua ya zuio ilitoka 5 Machi, na 10 Machi zuio likageuka masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uje na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hapo uhalisia unachechemea. Unaichukulia nchi kama mtu mmoja mwenye nia moja, kumbe barua iliandikwa na mamlaka ya kilimo, huku wenye vinu vya unga wa Kenya wakiyataka mahindi hayohayo. Mvutano huo wa ndani ni mali ya slaidi ya uliberali. Ila nayo, inayotumainia kanuni na taasisi za pamoja, isijigambe. Kipimo cha 10 ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, lakini kilichofungua njia hasa ni Mama Samia kwenda Nairobi Mei na kukaa na Uhuru. Mahakama ya Jumuiya pale Arusha haikuwa na kazi hapo.

Njoro_Boy: Na vifaranga je? 2017 mlichoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya wakiwa hai. Hao nao walikuwa na sumukuvu?

Gunia_Mia: Waliingizwa kwa magendo! Na homa ya ndege mngetulipia ninyi?

Bi_Tatu: Hai, jamani. Wale viumbe walikuwa hai.

Njoro_Boy: Ahsante mama.

Gunia_Mia: Bi Tatu, shikamoo, lakini usiingilie. Huyu anakwepa mahindi.

Mpakani: Hakwepi, kakupa mfano bora bila kujua. Pande zote mbili zilitaja afya. Mhalisia atasema afya ni kisingizio. Mliberali atauliza nani alipima, kwa kipimo gani, na majibu yako wapi. Gunia_Mia, mzigo wako ulipimwa?

Gunia_Mia: Nani alipima mwaka ule! Uliangaliwa kwa macho tu.

Njoro_Boy: Haya! Sumukuvu inaonekana kwa macho?

Mwanachuo_Dom: Kwa hiyo slaidi ya kwanza niweke nini?

Gunia_Mia: Niulize mimi siku nne nilikula nini.