Insha ya "Jadili": hoja ninazo, viunganishi nimeweka, bado naambiwa aya hazishikani

binti_wa_nne

Habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua kuandika au kusahihisha insha. Kichwa tulichopewa ni hiki: *"Simu ya mkononi ina madhara mengi kuliko faida kwa mwanafunzi. Jadili."* Maneno yasipungue 400.

Niliandika, nikarudishiwa na maoni pembeni: "Hoja nzuri ila hazishikani." Sijaelewa, maana viunganishi nimevitumia karibu vyote tulivyofundishwa. Sentensi za kwanza za aya zangu ni hizi:

1. Simu ni chombo cha mawasiliano kilichoenea duniani kote.
2. Kwanza kabisa, simu humpotezea mwanafunzi muda.
3. Fauka ya hayo, simu humsaidia mwanafunzi kupata vitabu na kamusi.
4. Isitoshe, simu humkosesha mwanafunzi usingizi.
5. Aidha, kwa simu mwanafunzi anaweza kumuuliza mwalimu swali akiwa nyumbani.
6. Vilevile, simu ina gharama ya vocha na vifurushi.
7. Kwa kutamatika, simu ina faida na madhara, hivyo mwanafunzi aitumie vizuri.

Nirekebishe wapi?

MzeeWaMisamiati

Binti, hoja zako hazina shida, lugha ndiyo imepoa. Huo mwanzo hauna mvuto hata kidogo. Fungua na methali, kwa mfano "Kizuri hakikosi ila", msomaji akae sawa. Halafu hivyo viunganishi vyako kila mtu anavyo. Weka vya mtu aliyekomaa: *mintarafu ya hayo, minghairi ya hayo, sambamba na hayo, kadhalika*. Usirudie hata kimoja. Mtahini akiona msamiati wa namna hiyo anajua anasoma kazi ya mtu anayeijua lugha.

kaka_mdokezo

Mimi nina insha inayotakiwa *imalizike* kwa maneno "...hapo ndipo nilipojua kwamba ulimwengu haukuwa umenitupa." Hivi viunganishi vyenu naviweka wapi? Nikiandika "fauka ya hayo" katikati ya kisa naona kama nasoma taarifa ya habari.

mwl_kalamu_nyekundu

Nimesahihisha insha za namna hii kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Binti, tuanze na kichwa. Neno lenye uzito humo ni "kuliko". Hukuulizwa kama simu ina faida na madhara. Hilo kichwa kimeshalikubali. Umeulizwa upande upi unazidi. Sasa tazama aya yako ya saba: "ina faida na madhara, aitumie vizuri." Umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Insha nzima inatakiwa iwe mizani, na yako imeorodhesha vitu bila kuvipima.

La pili ni mpangilio, na hapo ndipo maoni ya mwalimu wako yalipotoka. Aya ya 2 ni madhara, ya 3 faida, ya 4 madhara, ya 5 faida, ya 6 madhara. Kila aya inageuza upande, lakini kila kiunganishi ulichoweka ni cha kuongeza. Msomaji aliyetoka kusoma kuhusu muda unaopotea akikutana na "Fauka ya hayo" anajiandaa kupokea hasara nyingine. Anapewa vitabu na kamusi. Akishajikwaa hivyo mara nne, anaandika "hazishikani".

Dawa si kutafuta viunganishi vipya. Weka kalamu ya insha chini kwanza, uamue mfuatano. Tuseme unakubaliana na kichwa, kwamba madhara yanazidi. Basi anza na faida, upande utakaoushinda, kisha uje kwenye madhara, ili msomaji afike mwisho akiwa tayari upande wako. Hoja zako mwenyewe zinatosha, ila zipange hivi: vitabu na kamusi, swali kwa mwalimu, gharama, muda, usingizi.

Angalia kinachotokea kwenye gharama. Hoja hiyo kwako ilikuwa ya mwisho na dhaifu, kama kitu kilichookotwa ili aya zitimie. Ukiiweka katikati inakuwa daraja, kwa sababu vitabu na majibu ya mwalimu vinapita kwenye kifurushi. Unaweza kuandika: "Hata hivyo, vitabu hivyo na majibu hayo hayamfikii mwanafunzi bure." Sentensi moja tu, na umeshatoka kwenye faida ukaingia kwenye madhara.

Muda na usingizi navyo usiviunganishe kwa "isitoshe". Hivi si vitu viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Kimoja kimezaa kingine. Mwanafunzi akila jioni yake kwenye simu, kazi za shule husogea hadi usiku wa manane. Kwa hiyo aya ya usingizi ianze: "Matokeo ya jioni kupotea hivyo ni kwamba kazi ya shule husukumwa hadi usiku." Umeona kuwa sentensi hiyo ina sehemu mbili? Ya kwanza inashika mkia wa aya iliyopita, ya pili inafungua jambo jipya. Ukiweza kuandika hivyo hutahitaji "fauka ya hayo" zaidi ya mara moja katika insha nzima.

Mzee hapo juu, kwa methali ya ufunguzi sina ugomvi sana. Ila "mintarafu ya" maana yake ni kuhusu, na "minghairi ya" ni bila au pasipo. Ukisema "minghairi ya hayo, simu ni ghali" unasema simu ni ghali pasipo hayo. Mwanafunzi anayelitumia neno hilo kwa kuongeza hoja anajichongea mwenyewe. Hata "ilhali" naiona sana ikifungua aya, na kazi yake ni kuunganisha sehemu mbili ndani ya sentensi moja: "Mwenzake anasoma ilhali yeye anacheza."

MzeeWaMisamiati

Mwalimu, minghairi nimekuelewa, naiondoa. Lakini ile "Kizuri hakikosi ila" siiondoi. Insha kavu bila methali mimi siisomi hadi mwisho.

mwl_kalamu_nyekundu

Ibaki, mzee, lakini tazama inasema nini. Inasema jambo ni zuri ila lina kasoro kidogo, wakati binti anataka kusema kasoro zinazidi. Methali yako inamvuta upande mwingine kabla hajaanza. Akiitaka lazima aipinge palepale: "Husemwa kuwa kizuri hakikosi ila, lakini ila za simu kwa mwanafunzi zimeupita uzuri wake." Hapo inafanya kazi.

kaka_mdokezo

Jamani na mimi?

mwl_kalamu_nyekundu

Nakuja, kaka. Insha yako ni ya kisa, na aya zake hushikwa na wakati, mahali na tendo. Tumia "Kulipopambazuka", "Siku ya tatu bila habari zao", "Nilipofungua bahasha". Hata jina la kitu kilichofunga aya moja laweza kufungua inayofuata. Na kwa kuwa mwisho umeshapewa, andika kwanza tukio litakalokupeleka kwenye sentensi ile, kisha rudi nyuma ujiulize msimulizi alitupwa na nani. Maneno uliyopewa yanadai kwamba mahali fulani awe ameamini ametupwa. Wengi husahau hilo, wanabandika sentensi mwishoni kama stempu.

binti_wa_nne

Mwalimu, shikamoo na asante. Nimejaribu upya, mniangalizie. Sentensi za kwanza tu:

1. Ukimkuta mwanafunzi na simu mkononi, ni vigumu kujua kama anasoma au anapoteza muda.
2. Anayesoma hupata humo vitabu na kamusi ambazo hana nyumbani.
3. Mbali na vitabu, simu humfikisha kwa mwalimu wake hata baada ya masomo.
4. Hata hivyo, vitabu hivyo na majibu hayo hayamfikii bure.
5. Gharama ya fedha ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya muda.
6. Matokeo ya jioni kupotea hivyo ni kwamba kazi ya shule husukumwa hadi usiku.
7. Kwa kutamatika, madhara ya simu kwa mwanafunzi yanazidi faida zake.

mwl_kalamu_nyekundu

Marahaba. Soma hizo sentensi saba peke yake kutoka juu hadi chini. Zinasomeka kama muhtasari wa insha, na ukijaribu kuhamisha ya 5 iwe juu ya ya 4 inagoma, kwa sababu inaitegemea. Zile za mwanzo ungeweza kuzichanganya upendavyo na hakuna ambaye angegundua. Hicho ndicho kipimo ninachotumia. Aya ya 5 imenifurahisha, maana hiyo sikukupa mimi.

Imebaki ya 7. Umetoa msimamo lakini hujasema kwa nini mizani imelala huko. Usilete hoja mpya hapo, pima zilezile ulizonazo: kitabu mwanafunzi anaweza kukipata maktaba na swali anaweza kumuuliza mwalimu darasani kesho yake, lakini jioni iliyokwisha na usingizi uliokosekana havina pa kupatikana tena. Sentensi tatu au nne zinatosha. Kwa maneno 400 na ushee, mwanzo na mwisho viwe na kama 45 kila kimoja, na zile tano za kati ziwe na 65 hadi 70. Ukiona ufunguzi umefika maneno mia, ujue umeanza kusimulia historia ya simu.

msahihishaji_wa_pili

Naomba kutofautiana na mwalimu kidogo. Aya ya 1 ya binti haimwambii msomaji yuko upande gani. Mimi ninaposahihisha insha ya "jadili" natafuta msimamo kwenye aya ya kwanza. Nikiukosa, nikakutana na aya mbili za faida, nadhani mwandishi anapinga kichwa, kisha kwenye aya ya nne ananigeuka.

mwl_kalamu_nyekundu

Nakuelewa, na wapo wengi wanaosahihisha hivyo. Mimi napenda msimamo uive polepole, na "Hata hivyo" ya aya ya 4 inatosha kumwonyesha msomaji njia imepinda. Ukiutoa mapema, aya ya mwisho huwa na tabia ya kurudia ya kwanza.

msahihishaji_wa_pili

Si lazima irudie. Ya kwanza itaje msimamo, ya mwisho itoe sababu ya mizani. Binti akiongeza sentensi moja mwishoni mwa aya ya 1, "faida zipo, lakini hazifikii hasara", inatosha.

binti_wa_nne

Sasa nimfuate nani?

kaka_mdokezo

Mfuate atakayekusahihishia 😂 Muulize mwalimu wako wa darasani anapenda ipi.