Dambeli mbili na kiti cha mninga: nipange vipi ratiba ili mapaja na mgongo vikue?

Kijana wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, naishi chumba cha kupanga, sakafu ni ya taili. Nina dambeli mbili za kufungua na kufunga. Kila mshikio una kilo 2, na nina sahani nne za kilo 2.5 na nne za kilo 1.25. Nikizigawa sawasawa kila dambeli inafika kilo 9.5, basi. Nina pia kiti cha mninga kizito kisicho na mikono. Nina kilo 62.

Kwa mikono na mabega uzito huu unatosha. Shida ni mapaja na mgongo. Skwati nikiwa nimeshika dambeli zote mbili napiga hadi 30 na bado naweza kuendelea. Kununua vyuma vingine kwa sasa haiwezekani. Naomba mnisaidie kupanga ratiba kwa vitu hivi hivi nilivyonavyo.

Mzee wa Chuma
Mdogo wangu, kilo 19 hazijengi paja la mwanaume. Marudio yakishazidi 15 hapo unajenga pumzi, siyo misuli. Jaza mchanga kwenye kiroba ubebe mabegani, au vumilia hadi upate sahani nyingine. Mapaja yanataka uzito.

Ticha Viungo
Mzee wa Chuma yuko sahihi kwamba paja linataka mzigo, ila hiyo 15 siyo ukuta. Seti ya marudio 8 na seti ya marudio 25 zote zinakuza misuli, mradi kila moja iishie karibu na pale ambapo huwezi tena kunyanyua kwa mkao sahihi. Acha ukiona yamebaki marudio mawili, au hata moja. Kijana akifika 30 na kuacha wakati bado ana mengine 15 ndani, hiyo seti haijamfanyia kitu. Tatizo la marudio mengi sana ni kwamba pumzi na kuungua kwa misuli vinakusimamisha kabla paja lenyewe halijachoka. Ndiyo maana kwa miguu ni bora kuongeza ugumu kuliko kuongeza idadi.

Kijana, anza kwa kufungua dambeli moja na kuhamishia sahani zote kwenye nyingine. Utapata dambeli moja ya kilo 17, kama mshikio ni mrefu vya kutosha na kifungo bado kinaingia mizunguko yote. Kikishika nusu usifanye, sahani itakudondokea mguuni. Kwa njia hiyo ngazi zako zinakuwa kilo 9.5, 12, 14.5 na 17, na kila ngazi sahani ni sawa pande zote mbili. Kisha fanya kazi mguu mmoja mmoja.

Zoezi kuu la paja kwako ni skwati ya mguu mmoja, ule wa nyuma ukiwa juu ya kiti. Sukuma mgongo wa kiti hadi uguse ukuta, maana taili ikishikana na vumbi letu la hapa kiti kinateleza bila kukuonya. Kaa kwenye ukingo wa kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, na kisigino kinapogusa sakafu weka alama kwa chaki. Hapo ndipo mguu wa mbele utakaa. Simama kwenye alama, rudisha mguu wa pili ulaze juu ya kiti, shika dambeli kwa mkono wa upande wa mguu wa nyuma, na mkono mwingine ushike ukuta au fremu ya mlango kwa ajili ya mizani tu. Shuka kwa kuhesabu hadi tatu, tulia kidogo chini, panda.

Uzito wako mwingi unabebwa na mguu wa mbele, ndiyo maana kilo 12 hapa ni ngumu kuliko kilo 19 za skwati ya kawaida. Kisigino cha mbele kikinyanyuka, umesimama karibu mno na kiti. Ukihisi kuvutwa sana mbele ya paja la nyuma, au kiuno kinapinda, basi kiti ni kirefu kwako. Weka ubao mpana usioteleza chini ya mguu wa mbele. Kila sentimita unayopanda inapunguza urefu wa kiti.

Kitambi Area C
Na mimi nina dambeli kama hizo. Hili zoezi linakata kitambi ndani ya muda gani? Nataka tumbo tu, misuli siyo muhimu.

Ticha Viungo
Mkuu, huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi. Tumbo linapungua kwa hesabu ya chakula, zoezi linasaidia kulinda misuli wakati unapungua. Fungua uzi wake, huu tumwachie Kijana.

Mama Kisasa
Ticha, mimi nikishuka hivyo goti la mbele linauma, chini ya kile kifuniko cha goti. Niache kabisa?

Ticha Viungo
Dada, jaribu kwanza kuachana na kiti. Simama, rudisha mguu mmoja nyuma hadi vidole viguse sakafu, shuka, rudi ulipokuwa. Hatua fupi inayofanya goti la mbele lisonge mbele sana ndiyo mara nyingi inaliumiza, na hapa mundi unabaki karibu wima. Anza bila dambeli, na shuka mwisho pale maumivu yanapotaka kuanza. Kama goti linavimba, linakwama, au linauma hadi usiku, hapo tena siyo suala la ratiba, muone mtaalamu wa viungo hospitali.

Kijana wa Ilazo
Asante sana Ticha. Na mgongo je? Sina pa kuning'inia.

Ticha Viungo
Mgongo unauvuta kwa ile ile kilo 17. Weka kiganja cha kushoto kwenye kiti, rudisha miguu nyuma, mgongo uwe karibu ulale sambamba na sakafu, dambeli ining'inie mkono wa kulia. Acha bega lishuke kabisa, kisha vuta kiwiko kuelekea nyonga, siyo kuelekea kifua. Ukivuta kuelekea kifua, nyuma ya bega na mgongo wa juu vinachukua kazi zaidi. Dalili ya kudanganya ni kiwiliwili kuzunguka kila unapovuta. Usipande na goti juu ya kiti: uzito ukiwa upande mmoja kiti kinaweza kupinduka.

Kwa nyuma ya paja na makalio, shika kilo 17 kwa mikono miwili, mguu mmoja mbele, vidole vya mwingine vikigusa sakafu nyuma kidogo kama tegemeo tu. Sukuma nyonga nyuma, mgongo umenyooka, goti limekunjwa kidogo, shuka hadi uhisi nyuma ya paja imevutika, kisha simama. Sukumo la kifua ni pushapu, miguu juu ya kiti. Usiweke mikono juu ya dambeli za sahani za mviringo, zinaviringika.

Fanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila siku mazoezi haya manne, seti tatu tatu. Hiyo inakupa seti tisa kwa wiki kwa kila sehemu kubwa, inatosha kuanzia. Bega na mkono malizia seti mbili. Anza na mguu dhaifu, na mguu wenye nguvu usiuzidishie marudio. Pumzika dakika mbili kati ya seti.

Mzee wa Chuma
Sawa Ticha, ila akifika kilo 17 atakwama palepale. Ndiyo maana nikasema kiroba.

Ticha Viungo
Kiroba siyo vibaya, tatizo lake ni kwamba mchanga unahama na huwezi kuongeza kidogo kidogo. Kabla ya kufika huko ana nafasi kubwa. Tuchukue mfano wa skwati ya mguu mmoja, aanze na kilo 9.5. Tuseme siku ya kwanza anapata 12, 10 na 9. Anabaki na kilo hiyohiyo hadi seti zote tatu zifike 15. Ndipo anapanda kilo 12, na atashuka tena hadi labda 11, 9, 8. Hiyo ni kawaida, anaanza kupanda upya. Akimaliza 15 tatu kwa kilo 17, anaweka ubao chini ya mguu wa mbele ashuke zaidi, halafu anaongeza nusu: anashuka hadi chini, anapanda nusu, anashuka tena, kisha anapanda kabisa, na yote hayo yanahesabiwa moja. Marudio yatarudi nane au tisa.

Jirani Nkuhungu
Kwa bega ngazi ni ngumu. Kuinua mikono pembeni kwa kilo 4.5 ni rahisi, kwa kilo 7 haiwezekani. Nadhani aweke sahani moja ya kilo 1.25 upande mmoja tu.

Ticha Viungo
Kwa kuinua pembeni sikubali, mkono unapinda kifundo kwa sababu upande mmoja mzito. Kutoka 4.5 hadi 7 ni zaidi ya nusu ya mzigo, hivyo aipanue ngazi: aende 12 hadi 25 kwa kilo 4.5, kisha ahamie 7 akianza na 8. Kwa kukunja mkono ukishika kama nyundo, labda inawezekana, sina uhakika kama kifundo hakitachoka kabla ya msuli.

Jirani Nkuhungu
Kwa nyundo mimi naiona ni sawa kabisa, ukiweka sahani ya ziada upande wa kidole gumba.

Kijana wa Ilazo
Nimeandika kwenye daftari: kilo, marudio ya kila seti, na mguu upi umeanza. Chakula nina ugali wa mtama, maharage na mlenda karibu kila siku. Je, kinatosha?

Mama Kisasa
Ongeza mayai mawili matatu kwa siku, na karanga usiache. Mlenda pekee hauna protini ya kutosha.

Ticha Viungo
Kwa kilo 62 lenga protini karibu gramu 100 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na maharage yaliyopikwa, gramu 100, yana kama 8 au 9. Kwa hiyo mayai matatu na maharage mara mbili bado yanapungua. Tafuta dagaa, maziwa au kuku siku unazoweza. Na kama uzito wako hausogei kabisa kwa wiki tatu huku marudio yamesimama, ongeza ugali kabla hujabadili mazoezi.

Kijana wa Ilazo
Nimepata ubao wa sentimita nne. Leo napima alama ya chaki.