Mrejesho: kuungua na mafuta ya moto

Niliuliza: "Mke wangu karukiwa na mafuta ya moto mkononi, nimpake nini?"

Ahsanteni sana wakuu. Tulifuata ushauri wa kutopaka chochote: mkono chini ya bomba, maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Akiutoa kabla ya hapo, mwako ulirudi palepale, kwa hiyo msikatishe. Pete tuliivua mapema, na afadhali, maana baadaye vidole vilivimba. Kisha tukafunika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza.

Sehemu kubwa imepona vizuri. Ila lengelenge la kwenye kiungo cha kidole gumba lilipasuka lenyewe, pakatunga usaha, ikabidi twende zahanati akasafishwe. Kidole hicho bado hakikunjiki vizuri.