Majibu ya waliopata alama za juu: yasomwe au yafungiwe?

Mtahiniwa: Tumepewa nakala za insha za historia zilizopata alama za juu kwenye mitihani iliyopita. Wenzangu wanasema kuzisoma ni kudesa. Mimi nataka kujua zilivyopangwa tu, maneno yao sina haja nayo. Inawezekana kweli, au najidanganya?

Mwalimu wa historia: Mimi wangu siwapi. Mtoto akishaona insha nzuri haachani nayo. Unamuuliza "eleza sababu", yeye anajibu "kwa kiasi gani", kwa kuwa ile aliyoisoma ilikuwa ya "kwa kiasi gani". Heri aandike insha mbovu iliyo yake.

Msahihishaji: Mwalimu, hayo nakutana nayo kila msimu wa kusahihisha. Ila yanatokana na kuisoma insha kama habari. Chukua swali hili: "Kwa kiasi gani Ujerumani ilisababisha Vita Kuu ya Kwanza?" Soma aya moja, kisha andika pembeni kazi inayofanywa na aya hiyo, si inachosema. "Inatoa msimamo." "Inaupa upande wa pili hoja yake yenye nguvu kuliko zote." "Inapima hoja mbili na kuchagua." Ukijikuta umeandika pembeni jina la mtu, nchi au tarehe, futa, maana hapo umeshachukua mali ya mwenzio.

Halafu hesabu mistari. Tuseme mauaji ya mrithi wa kiti cha enzi cha Austria mjini Sarajevo, ya 28 Juni 1914, yamepewa mistari miwili, na ahadi ya Ujerumani ya kuiunga mkono Austria, ya 5 Julai, imepewa kumi na minne. Jiulize kwa nini. Swali linapima wajibu wa Ujerumani. Mauaji hayakuamuliwa Berlin, ahadi iliamuliwa huko. Na amri ya Urusi ya 30 Julai ya kuita majeshi yake yote ina aya nzima, kwa sababu ndiyo inayoutikisa msimamo wa mwandishi. Uzito umefuata swali. Mtahiniwa wa kawaida hujaza ukurasa kwa Sarajevo kwa kuwa ndiyo anayoijua vizuri.

Sasa ifungie insha. Andika ya kwako kwa swali la aina hiyohiyo lakini mada nyingine kabisa: "Kwa kiasi gani uhaba wa mkate ulisababisha Mapinduzi ya Ufaransa?" Ukiweza kuamua mwenyewe kwamba mavuno mabaya ya 1788 yapewe nafasi gani mbele ya madeni ya serikali, umejifunza. Ukikwama pale ambapo mwenzio aliweka Urusi, bado unategemea yaliyomo.

Mwanachuo: Hiyo ni safari ndefu. Mimi niligundua insha zote nzuri zina aya tano, na kila aya inaanza na "hata hivyo" au "aidha". Nikashika hivyo, alama zikapanda.

Msahihishaji: Zilipanda kwa sababu uliacha kuandika bila aya, kaka, na hilo ni jambo jema. Lakini swali lenye hoja mbili tu halitaki aya tano. Na "hata hivyo" isiyopinga kitu chochote kilichotangulia naiona mara moja.

Mzazi: Samahani, haya majibu yanatoka wapi? Binti yangu ana mtihani wa hisabati, sitaki aonekane ameiba.

Mwanachuo: Mama, ni ya mitihani iliyokwisha, si ya unaokuja. Na kwa hisabati mambo ni tofauti. Aangalie ni hatua zipi zimeandikwa na zipi zimerukwa, maana mara nyingi hatua nazo zina alama, hata jibu la mwisho likikosewa.

Mtahiniwa: Nisome ngapi?

Msahihishaji: Moja ya juu na moja ya wastani, za swali lilelile, ukiwa na mwongozo wa usahihishaji. Ukisoma za juu peke yake utadhani kila kilichomo kimeleta alama, hata utangulizi mrefu ambao msahihishaji aliuvumilia tu. Kikionekana katika zote mbili, yaelekea sicho kilichozitofautisha.

Mwalimu wa historia: Hilo la kulinganisha nitalijaribu, ila baada ya wao kuandika za kwao kwanza. Na bado lipo linalonisumbua. Mwanafunzi wangu dhaifu anajua jambo moja tu la Julai 1914. Huyo nikimwonyesha uzito unavyogawanywa, atagawa nini?

Msahihishaji: Huyo mpe kitabu kwanza. Lakini suala la waandike kabla au baada hatujakubaliana. Wengine huona wapi jibu linakwenda kwa kuona moja lililokamilika, ndipo wanaweza kuanza.

Mwalimu wa historia: Wangu wakiliona kabla, wanaliandika. Nitabaki na baada.