Mtendaji wa miaka 27, mwenyekiti wa miaka 63: nani ampe nani shikamoo?

Swali, kutoka kwa mtendaji wa kijiji, Rungwe

"Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Rungwe, nina miaka 27, kwetu ni Kilolo. Mwenyekiti wangu ana miaka 63. Kila mkutano, nikisimama kusoma taarifa, ananikatiza mbele ya watu: 'Binti yangu, mbona hujatusalimia?' Nikishampa shikamoo ndipo naendelea. Ofisini mambo yanageuka: wazee wanaokuja kuomba barua ya utambulisho ndio wanaonipa mimi shikamoo. Nauliza: kwenye kazi ya umma shikamoo ifuate umri, ifuate cheo, au iachwe kabisa?"

Mwalimu wa sekondari, Mafinga

Iachwe. Hiyo ni salamu ya mtumwa kwa bwana wake, imetoka pwani, haikuwa ya kwetu. Mwalimu Nyerere alishaifuta alipotuletea "Ndugu". Tatizo ni kwamba tulirudi nyuma, tukarudisha na "Mheshimiwa" juu yake. Ofisi ya serikali inatosha "habari za asubuhi", mzee na kijana sawa.

Mtendaji wa kata mstaafu, Tukuyu

Mwalimu wa Mafinga, kuhusu Ndugu umegusa jambo la kweli lakini umelivuta mbali. Ndugu ilichukua nafasi ya Bwana na Mheshimiwa. Kwenye kikao cha TANU, na baadaye CCM, ulisema "Ndugu Mwenyekiti" hata kama aliyekalia kiti ni mtoto wa jirani yako. Shikamoo haikuguswa. Miaka hiyo hiyo ya Ujamaa watoto shuleni walikuwa wanasimama, "Shikamoo mwalimu!", naye anajibu "Marahaba, hamjambo?" Asili ya neno tuwaachie wanaoibishania. Anayeitoa leo sokoni Kiwira hafikirii utumwa, anafikiria umri wa mtu aliye mbele yake.

Sasa nije kwa binti yetu. Una maswali mawili, tusiyachanganye.

La kwanza ni la ofisini. Mzee anapokuja kwako na kusema "Shikamoo mtendaji", usimwitikie marahaba. Ukimwitikia umempokea kama mdogo wako, na habari itafika nyumbani kabla yake. Usimkatalie pia kwa kumwambia "mimi ni mdogo, usinisalimie hivyo", maana utamwaibisha mbele ya waliokaa kwenye benchi. Wewe simama kidogo, sema "Shikamoo mzee wangu," kwa sauti ya kawaida, kama vile wewe ndiye uliyeanza. Ataitika marahaba mwenyewe, na mara nyingi ataongeza "hujambo?" Hapo ujue mambo yamekaa sawa, kwa sababu hujambo ya mzee baada ya marahaba ndiyo inayokurudisha kwenye nafasi yako ya mtoto naye kwenye nafasi yake ya mzazi. Ukisikia ameishia kwenye marahaba na kutazama chini, bado ana wasiwasi na wewe. Mkalishe kitini, muulize habari za nyumbani, ndipo uulize barua ni ya wapi.

Na ujiulize kwa nini anakusalimia hivyo. Si kwamba hajui umri wako. Anaogopa kuambiwa "njoo kesho". Watendaji waliokutangulia wamewafundisha wazee kuomba kile ambacho ni haki yao. Wakiizoea barua inayotoka siku hiyo hiyo, shikamoo hizo zitapungua zenyewe.

Kitu kingine, wewe umetoka Kilolo, huenda hukijui. Huku kwetu mtu wa rika lako utamwambia "ugonile". Mkubwa au mkwe utamwambia "mugonile", kwa wingi, ingawa yuko peke yake. Mzee akikuambia wewe "mugonile", hakuhesabu watu waliomo ofisini. Amekuheshimu kwa kiti ulichokalia bila kujifanya mdogo wako. Kiswahili hakina njia rahisi hivyo: kwenye shikamoo lazima mmoja awe chini. Ndiyo maana mzee anayejua Kiswahili tu cha ofisini anaangukia shikamoo. Ukiona unashindwa, jibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mugonile," na hakuna atakayenuna.

Dereva wa Noah, Uyole

Naomba na mimi nisaidiwe hapo hapo. Mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama, nimemzidi miaka 4. Nimembeba mgongoni huyo. Sasa ameoa, na mama anataka nimpe shikamoo mbele ya mkewe. Mimi namwambia "mambo mjomba", yeye ananiambia "poa". Kosa liko wapi?

Mtendaji wa kata mstaafu, Tukuyu

Kwenye ukoo anayehesabiwa ni kizazi, siyo mwaka wa kuzaliwa. Huyo ni ndugu wa mama yako. Mkiwa wawili kijiweni semeni mnavyotaka. Siku ya posa au msiba, mbele ya wakwe, mpe shikamoo yake, kwa sababu siku hiyo hakai pale kama rafiki yako, anakaa kwa niaba ya upande wa mama yako. Lakini ndugu yangu, hilo halimsaidii binti. Yeye na mwenyekiti hawana ukoo.

Mama, mjumbe wa kamati ya shule, Njombe

Mzee wa Tukuyu anaongea vizuri lakini amelikwepa swali la pili, na ndilo zito. Mwenyekiti haombi salamu. Anaomba watu wote waone kwamba anayesoma taarifa ni mtoto.

Nimeyaona kwenye kamati yetu. Tulichangishwa kwa ajili ya darasa, mchango kila kaya. Mtunza fedha ni mzee wa miaka sabini na kitu. Kijana mmoja akasimama kuuliza stakabadhi za mabati. Mzee hakujibu swali. Alisema, "Mwanangu, umenisalimia lakini?" Watu wakacheka. Kijana akasema shikamoo, mzee akasema marahaba, akauliza baba yako anaendeleaje na mguu, na baada ya hapo nani tena angeuliza mabati? Kijana alikaa chini. Hadi leo hatujui yalinunuliwa mangapi.

Nawapenda wazee wangu na shikamoo nawapa nikiwa nimepiga goti. Lakini salamu ikitumika katikati ya hoja, hiyo siyo heshima tena, ni kufunga mdomo. Mimi nasema kwenye mkutano wa hadhara ifutwe.

Mtendaji wa kata mstaafu, Tukuyu

Mama wa Njombe, hapo nakubali nililipita haraka. Ila dawa siyo kuifuta, ni kuitoa mapema ili isibaki ya kuombwa.

Binti, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na sheria inataka ufanyike kila miezi 3. Mwenyekiti amechaguliwa na wananchi, yeye ndiye anayeuongoza. Wewe umeajiriwa na halmashauri ya wilaya, na pale ni katibu. Mapato na matumizi yasomwe na yahojiwe, wanakijiji wanayadai kwa haki yao. Kwa hiyo fanya hivi. Fika kabla ya mkutano, mfuate mwenyekiti alipokaa, mpe shikamoo ya mtu kwa mtu, akuitikie, uulize habari za nyumbani. Hiyo imeisha. Ukisimama kusoma, anza na umati mzima: "Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Rika langu, habari za leo? Wadogo zangu hamjambo?" Ngoja waitike kila kundi, usikimbie. Kisha geuka, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kusoma taarifa," na kuanzia hapo usimwite baba wala mzee mpaka mkutano ufungwe. Hapo atakuwa ameshaitikia marahaba yake pamoja na wenzake. Akikukatiza tena, umati wenyewe utamwambia, "Ameshatusalimia mzee, asome."

Na kwa wanaosema mila inamtaka kijana akae chini: huku Unyakyusa wavulana walikuwa wanahama kwa baba zao wakiwa bado wadogo na kujenga kijiji chao cha rika. Wakikomaa, wazee walikuwa wanawakabidhi nchi kwenye sherehe ya ubusoka, baba zao wakiwa hai na wanaona. Heshima kwa wazee haikupungua, lakini amri ilihama. Anayekuambia kwamba mila yetu haijui kijana kutawala mbele ya mzee hajaijua mila.

Mwalimu wa sekondari, Mafinga

Ubusoka ulikuwa wa wanaume. Huyu ni binti, na amri aliyonayo hakukabidhiwa na baba zake, ameletwa na halmashauri. Ndiyo maana anaitwa "binti yangu". Angekuwa mvulana wa miaka 27 angeitwa "mtendaji".

Mama, mjumbe wa kamati ya shule, Njombe

Hapo mwalimu umesema. Mtendaji wetu wa zamani alikuwa kijana wa kiume, mdogo kuliko huyu, na sikuwahi kusikia akiitwa "kijana wangu" mkutanoni.

Mtendaji wa kijiji, Rungwe

Nimesoma yote, asanteni. La ofisini nimeanza nalo leo asubuhi. Amekuja bibi mmoja kuomba barua ya mjukuu wake. Amesema "shikamoo mama", nami nikasema "shikamoo bibi". Tumebaki tunatazamana, kisha akacheka, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Ameondoka na barua yake.

La mkutanoni bado nina wasiwasi. Mzee wa Tukuyu, salamu ya umati nitaitumia. Lakini nikimfuata mwenyekiti pembeni na kumpa shikamoo kabla, si nitakuwa nimeenda kumwomba ruhusa? Na hilo la "binti yangu" nimwambie mwenyewe, au nimpitishie kwa mtu wa rika lake?

Mtendaji wa kata mstaafu, Tukuyu

La ruhusa: hapana. Utakuwa umemsalimia kama unavyomsalimia mzee yeyote njiani. Ukiongeza "naomba nisome taarifa" pale pembeni, hapo ndipo utakuwa umeomba. Usiongeze.

La "binti yangu", usimwambie wewe. Mtafute mjumbe wa halmashauri ya kijiji aliye rika lake na anayekubaliana nawe, amwambie wakiwa wawili.

Mama, mjumbe wa kamati ya shule, Njombe

Mimi sikubali. Akipitishia kwa mzee mwenzake, amekiri kwamba mtoto hana mdomo. Amwambie mwenyewe, faragha, baada ya shikamoo: "Baba, nyumbani mimi ni binti yako. Mkutanoni naomba uniite mtendaji." Akikasirika akasirike siku moja.

Dereva wa Noah, Uyole

Mama wa Njombe, huyo mzee simjui, lakini wa kwangu angekasirika mwaka mzima.