Tupeane uzoefu: Asilimia ya faida ilivyotupotosha tulipopanga bei

Mwenye Daftari (mwanzisha mada): Ndugu zangu, kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa naongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia kila bidhaa. Pango, umeme na mshahara wa msaidizi vilikuwa vinakula asilimia 22 ya mauzo, kwa hiyo niliamini kwamba nabakiwa na 3. Mauzo yaliongezeka, lakini kila nilipokwenda kununua mzigo uleule fedha zilipungua, hata nikaanza kumshuku msaidizi wangu bila haki. Kosa lilikuwa langu: kitu nilichonunua kwa 80 nilikiuza kwa 100, na ile 20 ni robo ya 80 lakini ni moja ya tano tu ya 100. Matumizi yalichukua 22, nami nikapoteza 2 katika kila 100 iliyoingia. Wenzangu mlikutana na hili?

Muuza Rejareja: Mimi sijisumbui na hesabu hizo. Naongeza 30 juu ya kila 100 na mambo yanakwenda.

Mhasibu Mstaafu: Ndugu Muuza Rejareja, umekaribia. Ukinunua kwa 100 na kuuza kwa 130, faida yako ni takriban asilimia 23 ya mauzo, hivyo kwa matumizi ya mwenye mada ungebaki na 1 tu, na punguzo dogo kwa mteja mmoja lingeifuta. Anayetaka robo ya mauzo agawanye bei ya kununulia kwa 0.75, kwa maana hiyo 80 inakuwa karibu 107. Nyongeza hiyo ni theluthi ya gharama, na hapo ndipo wengi huogopa wakidhani wanamnyonya mteja.

Mama Glasi: Yangu ni tofauti kidogo. Nilinunua katoni ya glasi 24 kwa 960, nikaandika 40 kwa kila moja, nikagawanya kwa 0.75 na kuuza 53. Nilisahau usafiri wa 48, na nilipofungua katoni nikakuta 2 zimevunjika. Kumbe glasi 22 zilizobaki zilinigharimu karibu 46 kila moja, na faida ikawa kama asilimia 13 badala ya 25.

Mhasibu Mstaafu: Hiyo si tofauti, mama, ndiyo mada yenyewe. Kugawanya sawasawa hakusaidii ikiwa gharama uliyoanza nayo ni pungufu. Ulipaswa kuuza kama 61.

Mwenye Daftari: Nimeanza kurekebisha bei, isipokuwa kwa bidhaa ambazo kila mteja anajua bei yake. Nikizigawanya kwa 0.75 hazitanunuliwa, na nikiziacha zinashusha wastani wa duka zima.

Muuza Rejareja: Hizo mimi naziacha zilivyo, kwa sababu ndizo zinazomleta mteja dukani.

Mama Glasi: Zikiwa nusu ya mauzo yako je?