Nimetolewa grupu la wafugaji siku saba, aliyeanza matusi bado yumo. Hii ni haki gani?

Mfuga_Tetea (mwenye uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Niko kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku tangu lina watu arobaini, sasa tumevuka mia tatu. Juzi usiku jamaa mmoja alimwelekeza mama mgeni atie chanjo ya kideri kwenye maji ya bomba, basi. Nikamwambia hapana, maji ya bomba mara nyingi yana klorini, na chanjo ile ni virusi hai. Klorini inaviua, mama atajiona kachanja kumbe kanywesha kuku maji matupu. Nilisema kwa adabu kabisa.

Jamaa akajibu kwamba kuku wangu walikufa mwaka jana kwa ujinga wangu, na mtu aliyefilisika hana la kumfundisha mtu. Kisha akaniita mbwa. Mbele ya watu mia tatu! Nikamjibu, ndiyo, kwa ukali, mimi si jiwe. Tukaendelea hadi karibu saa saba usiku.

Asubuhi naamka, nimeshatolewa. Nauliza wenzangu, naambiwa admini kaandika tangazo refu la kukumbushana kanuni, kafuta meseji zangu, kafunga grupu nusu siku. Aliyeniita mbwa yumo, anasalimia watu kama vile hakuna kilichotokea. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeniuliza upande wangu. Nikisema admini ana watu wake nitakuwa nimemsingizia?

Shoka_Butu

Pole sana. Mimi grupu la ukoo nilitolewa na binamu yangu wa damu kwa sababu ya kusambaza ujumbe wa dawa ya presha. Hadi leo tukikutana msibani hatusalimiani. Maadmini wote ni wale wale, wakishapewa hicho cheo wanajiona wamerithi.

Bibi_Vifaranga

Mwanangu, msichanje kwa maji ya bomba jamani. Mimi maji yangu natia kwanza maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita, nakoroga, nasubiri kidogo ndipo natia chanjo. Na kuku nawanyima maji kwanza wapate kiu, ili wanywe yote upesi. Huyo mama mgeni aambiwe.

Mfuga_Tetea

Shikamoo bibi. Hilo nalijua, ndilo nililokuwa naeleza usiku ule nikatukanwa. Hapa nalalamikia kutolewa.

Zamu_ya_Usiku

Mkuu, kabla hujamhukumu admini, muulize mwenzako aliye ndani jambo moja. Pale zilipokuwa meseji za huyo jamaa pameandikwa nini? Admini akifuta ujumbe wa mtu, grupu zima linaona kwamba umefutwa na admini, na jina lake linatajwa. Mtu akifuta wake mwenyewe, inaonekana umefutwa tu, bila jina la mtu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Mfuga_Tetea

Nimeuliza. Zangu nne zimeandikwa zimefutwa na admini. Za yule bwana kama tisa hivi zimeandikwa zimefutwa tu.

Zamu_ya_Usiku

Basi alizifuta mwenyewe ulipolala. Muda anao, siku mbili na ushee tangu atume ujumbe. Admini wako alipofungua simu alfajiri alikuta mtu mmoja tu anatukana hewani, na mtu huyo ni wewe. Nimesimamia magrupu miaka sita, huu ndio mtego unaonisumbua kuliko mwingine wowote. Mwenye hasira za haraka hufuta haraka pia, na mwenye kinyongo cha polepole ndiye hubaki na ushahidi juu yake.

Kalamu_Nyekundu

Mbona rahisi. Mwenzako atoe mazungumzo yote kwa "Export chat", alete hapa. Huo ni ushahidi tosha.

Zamu_ya_Usiku

Kutoa mazungumzo ni sawa kwa kumbukumbu zako. Ushahidi siyo. Linatoka faili la maandishi matupu ambalo mtu yeyote analifungua na kuongeza neno "mbwa" anapotaka. Tena ukilitoa leo, kilichofutwa jana hakimo. Mahali pa kutazama ni kwenye nukuu. Kama kuna mtu alijibu tusi kwa kulinukuu, yale maneno mara nyingi hubaki juu ya jibu lake hata asili ikifutwa.

Mlezi_wa_Banda

Ndugu Mfuga_Tetea, habari za siku mbili hizi. Mimi ndiye admini unayemlalamikia, na ninafurahi umesema wazi badala ya kusema pembeni. Nitajibu yote, naomba unisome hadi mwisho.

Niliamka saa kumi na moja, nikakuta meseji zaidi ya mia mbili. Ni kweli kama alivyosema Zamu_ya_Usiku, nilikuta upande wako peke yake. Nilifunga grupu ili admini tu waandike, kwa sababu WhatsApp hainipi njia ya kumnyamazisha mtu mmoja. Nina vitu vitatu tu mkononi: kufuta ujumbe, kulifunga grupu kwa wote, au kumtoa mtu. Telegram wana njia ya kumzuia mmoja asiandike kwa muda akiwa bado ndani anasoma, na wana kuchelewesha, kila mtu aandike mara moja kwa kipindi fulani. Sisi hatuna. Kwa hiyo wale mia tatu walinyamaza kwa ajili ya wawili, na hilo sikulipenda hata kidogo.

Baada ya kufunga nilisoma kutoka mwanzo. Nilizitafuta nukuu. Watu watatu walikuwa wamemjibu mwenzako uliyegombana naye kwa kunukuu, na katika mbili maneno yake yapo: hilo la kuku kufa, na hilo la mbwa. Kwa hiyo sikukuona wewe ndiye uliyeanza. Tangazo langu lilisema wazi kwamba shambulio la kwanza kwa mtu halikuwa lako, na kwamba ulichosema juu ya klorini kilikuwa sahihi. Mama mgeni nimemwandikia mwenyewe asichanje hadi aandae maji.

Sasa kaka yangu, kwenye maelezo yako hapa kuna kitu umekiruka. Saa sita na dakika kumi na mbili uliweka picha ya skrini ya mazungumzo yenu ya faragha, ambamo mwenzako alikuomba umkopeshe hela mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Matusi yenu yote mawili ningeyafuta na kuwaonya, mngebaki. Picha ile ndiyo iliyokutoa. Kanuni ya nne ipo kwenye maelezo ya grupu tangu siku ya kwanza: kilichosemwa faragha hakiletwi grupuni bila ruhusa ya aliyekisema. Tusi likifutwa watu husahau baada ya wiki. Shida ya mtu ikianikwa mbele ya watu mia tatu, kuifuta hakusaidii kitu, kwani wameshaiona, na sijui wangapi wameihifadhi. Nilikuta imeshakaa pale saa tano nzima.

Kuhusu kutokuuliza: nilikuandikia faragha saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya kukutoa, nikakuomba maelezo. Nikakuandikia tena mchana nikakutumia nakala ya tangazo, kwa sababu najua aliyetolewa haoni kinachoandikwa baada yake. Zote mbili zina tiki moja hadi sasa.

Shoka_Butu

Duh. Hilo la picha hukulisema mkuu.

Mfuga_Tetea

Sikulisema kwa sababu mlikuwa mngeacha kusikia lingine lolote. Ndiyo, niliiweka. Mtu niliyemkopesha wakati hana mbele wala nyuma ananiita mimi niliyefilisika! Mlitaka nifanye nini, nicheke?

Na tiki moja ni kweli, nilimzuia admini usiku uleule aliposema kwa sauti "jamani wazee, tulale". Niliona ananinyamazisha mimi. Nimemfungulia sasa hivi.

Lakini swali langu bado. Mbona yeye yumo? Amefuta ushahidi, amejificha, na kujificha kwake ndiko kumemlinda. Hapo mmefundisha watu mia tatu kwamba tukana halafu ufute.

Mlezi_wa_Banda

Swali lako ni la haki, na sina jibu ninaloridhika nalo mwenyewe. Amepewa onyo la mwisho mbele ya wote, na mambo mawili nimeyataja kwa maneno yake. Sikumtoa kwa sababu kanuni zetu hazikuwa na adhabu ya kufuta. Siwezi kutunga kanuni leo nikamhukumu nayo ya jana. Nimeandika mpya, inaanza sasa: ukishajibiwa, usifute. Ukikosea tahajia, una dakika kumi na tano za kuhariri, na itaonekana kwamba umehariri. Ukijutia ulichosema, andika chini yake kwamba umeifuta kauli, ujumbe uache ulivyo, admini ndiye ataamua uondoke au ubaki. Atakayefuta katikati ya ugomvi atahesabiwa kama aliyetukana.

Zamu_ya_Usiku

Mimi hapo sikubaliani nawe, mkuu. Nilijaribu kanuni kama hiyo, ikaniumiza. Kuna dada aliandika tusi, akajuta baada ya dakika moja, akafuta kabla wengi hawajaona. Kwa kanuni yangu ilibidi nimwadhibu kwa kufanya jambo la busara. Watu wakaanza kuacha matusi yao yakae, eti wanafuata kanuni, na ugomvi ukawa unafufuka kila asubuhi mtu mpya akiamka na kusoma.

Mlezi_wa_Banda

Ndiyo maana nimesema ukishajibiwa. Kabla ya jibu, futa ukitaka. Lakini nakuelewa, tutaijaribu mwezi mmoja tuone.

Bibi_Vifaranga

Na huyo mtoto alipona?

Mfuga_Tetea

Alipona bibi. Ndiyo maana hata deni sikumdai.

Mlezi_wa_Banda

Mfuga_Tetea, siku zako zinaisha Jumamosi jioni, nitakurudisha mwenyewe, huna haja ya kuomba. Ninachokudai kabla ya hapo ni kimoja: mwandikie mwenzako faragha juu ya ile picha. Juu ya picha tu. Klorini msiiguse, wala nani alianza. Naye nimemwambia akuandikie juu ya lile neno.

Mfuga_Tetea

La picha nitamwandikia. Leo siwezi, mkono bado unanitetemeka. Lakini lile tangazo lako mwenzangu amenitumia, nimelisoma sasa hivi, aya ya pili umeandika "wanachama wawili walishambuliana". Mimi sikumshambulia mpaka aliponiita mbwa. Rekebisha hiyo aya.

Mlezi_wa_Banda

Umenikamata kihalali. Dakika kumi na tano za kuhariri zimeshapita, kwa hiyo naweka ujumbe mpya chini yake kwa kuunukuu: "Aya ya pili isomeke: mmoja alishambuliwa, kisha akajibu kwa kuvunja kanuni ya nne." Nimeshautuma.